Punguza Kwanza, Kisha Uliza: Kuhariri Rasimu ya Ripoti

Ukiwa katibu wa kamati ya kisima, wa kikundi cha akiba au wa chama cha wazazi hapa Lubumbashi, jua kwamba ripoti yako itasikilizwa zaidi kuliko itakavyosomwa. Watu wataketi kwenye viti vya plastiki katika ua wa mtu, Katuba au Kenya au Ruashi, wewe utasimama na karatasi yako, na kila sentensi itapita masikioni mwao mara moja tu. Asiyeelewa hawezi kurudi nyuma kusoma tena. Atanyamaza, au ataondoka akiwa na wasiwasi juu ya fedha zake.

Nitachukua rasimu moja fupi na kuihariri mbele yako mpaka mwisho. Nimeitunga mwenyewe, lakini kila kifungu chake utakikuta katika ripoti za kamati zetu.

"Awali ya yote, tunapenda kuchukua fursa hii kuwajulisha kwamba katika kipindi cha mwezi wa Septemba, ambao ni mwezi wa joto kali, kulijitokeza changamoto kubwa kuhusiana na suala zima la upatikanaji wa maji katika kisima chetu. Ilibainika kwamba pampu ilikuwa imeharibika. Hatua mbalimbali zilichukuliwa kwa ajili ya kufanya ukarabati wa pampu hiyo, na fundi aliitwa kwa lengo la kufanya uchunguzi. Baada ya uchunguzi kufanyika, iligundulika kwamba kulikuwa na mchanga mwingi ndani ya pampu. Kiasi fulani cha fedha kilitolewa kutoka katika mfuko wa kisima na vipuri vikanunuliwa. Hata hivyo, baadhi ya fedha hazikuweza kurudishwa kwa wakati. Kwa hiyo kuna haja ya wadau wote kushirikiana ili kuhakikisha kwamba hali kama hii haijirudii tena kwa mara nyingine."

Ni maneno 113. Hakuna kosa la sarufi, na mwalimu angeipa alama nzuri. Lakini jaribu kumjibu mama mmoja wa mtaani anayetaka kujua fedha ngapi zimetoka, na nani alizitoa. Huwezi.

Rasimu kama hii ina chanzo chake. Wengi wetu tulijifunza barua rasmi kwa Kifaransa, na Kifaransa cha ofisi za Kongo kinapenda kuzunguka: mwandishi anaanza kwa kusema kwamba ana heshima ya kuja mbele ya mkubwa fulani, kisha mambo "yanaonekana", "yanabainika" na "yanafanyika" bila mtu yeyote kuyafanya. Tunapoandika Kiswahili tunaendelea na mwendo uleule. Kuna pia hofu. Kiswahili tunachozungumza sokoni Lubumbashi kina sura yake, na tukishika kalamu tunataka kuonyesha kwamba tunakijua pia kile tunachokiita Kiswahili bora. Basi tunakwenda kutafuta "suala zima la upatikanaji", kana kwamba "maji" peke yake ni neno la mtu asiyesoma. Kiswahili bora hakidai urefu. "Pampu iliacha kuvuta maji" ni Kiswahili safi mahali popote, kuanzia Lubumbashi hadi Lamu.

Iache rasimu ilale usiku mmoja, kisha uichukue na penseli. Usianze kurekebisha sentensi moja moja. Anza kwa kukata tu. Piga mstari mmoja mwembamba juu ya kila neno unaloweza kuliondoa bila msikilizaji kukosa habari yoyote. Mstari uwe mwembamba ili uweze kulirudisha neno ukiona umekosea.

Katika rasimu yetu wa kwanza kuondoka ni ufunguzi. "Awali ya yote, tunapenda kuchukua fursa hii kuwajulisha kwamba" ni maneno tisa yanayotangaza kwamba kuna jambo litasemwa. Sema jambo lenyewe. Hapa usichanganye ufunguzi na salamu. "Papa mwenyekiti, mama mweka hazina, ndugu wote wa mtaa, hamjambo" inabaki palepale juu ya ukurasa, kwa sababu inafanya kazi: inawaheshimu watu na kuwatuliza kabla hujataja fedha. Ripoti inayowarukia wazee bila salamu itapingwa hata kama hesabu yake ni sahihi.

Wa pili ni maneno yanayosimama mbele ya jina bila kuongeza kitu: kipindi cha, suala la, hali ya, zoezi la, kwa upande wa. "Katika kipindi cha mwezi wa Septemba" ni "Septemba". Kwamba Septemba kuna joto kali, kila aliyeketi pale anajua. Bado anafuta jasho.

Wa tatu ni vitenzi vilivyonyang'anywa kazi. Tafuta *kufanya*, *kutoa*, *kuchukua* na *kuweka*, kisha tazama jina linalofuata. Mara nyingi kitenzi halisi kimejificha humo. "Kufanya uchunguzi" ni kuchunguza. "Kufanya ukarabati wa pampu" ni kuikarabati pampu, au, kama tunavyosema kila siku, kuitengeneza. Usiikate kila "kufanya" kwa upofu, kwa maana "kufanya kazi" na "kutoa fedha" ni vitenzi kamili. Dalili ya ugonjwa ni jina lililozaliwa na kitenzi: uchunguzi, ukarabati, upatikanaji, ufuatiliaji, utekelezaji.

Wa nne ni *-weza*. Sisi tunaipenda mno. "Tuliweza kununua", "tuliweza kufika", "fedha hazikuweza kurudishwa". Ibakize pale tu uwezo wenyewe unapohusika, kama fundi aliposhindwa kwanza kisha akaweza. Kwingine pote, tulinunua, tulifika, hazikurudishwa. Katika rasimu yetu neno hilo lina hatari zaidi, kwa sababu "hazikuweza kurudishwa" inamwambia msikilizaji kwamba kulikuwa na kikwazo fulani, na hakuna kikwazo kilichotajwa.

Mwisho, vitu vilivyosemwa mara mbili. "Haijirudii tena kwa mara nyingine" imesema jambo moja mara tatu, maana kurudi kumo tayari ndani ya kitenzi. Na "baada ya uchunguzi kufanyika" haihitajiki kabisa, kwa kuwa Kiswahili kina *-ka-* ya kufuatanisha matendo: fundi aliifungua pampu, akakuta mchanga. Silabi moja inabeba "baada ya hapo" nzima. Waandishi wengi wanaisahau *-ka-* wanapoandika rasmi, ingawa hakuna anayeisahau anapozungumza.

Tukimaliza kukata, tunabaki na hii:

"Mwezi wa Septemba pampu ya kisima iliharibika. Fundi aliitwa, akakuta mchanga mwingi ndani yake. Fedha zilitolewa katika mfuko wa kisima na vipuri vikanunuliwa. Baadhi ya fedha hazikurudishwa kwa wakati. Tushirikiane ili hali hii isijirudie."

Kutoka maneno 113 tumefika 34. Wengi huishia hapa wakiridhika na ufupi, na mimi naona hapa ndipo kazi ngumu inapoanza. Maneno mengi yalikuwa yanafunika mashimo. Sasa mashimo yanaonekana. Fundi aliitwa na nani? Fedha zilitolewa na nani, kiasi gani? Ni fedha zipi hizo ambazo hazikurudishwa, na ziliingiaje katika habari ya pampu?

Sasa piga mstari chini ya kila kitenzi na uandike swali pembeni: nani? Usiishie kwenye vitenzi vyenye *-w-* ya kutendwa, kama aliitwa, zilitolewa, vikanunuliwa. Vitabu vya uhariri vinavyotoka nje vinatuonya juu ya hivyo tu, lakini Kiswahili kina njia nyingine ya kumficha mtendaji, na ndiyo inayotumika zaidi fedha zinapohusika. Ni ile *-k-* ya hali: pampu imeharibika, kufuli limevunjika, daftari limechanika. Kitenzi cha kutendwa angalau kinakubali kuulizwa "na nani?". Kitenzi cha hali kinasema jambo limetokea lenyewe. "Kufuli limevunjwa" inakiri kwamba kuna mtu. "Kufuli limevunjika" inamwachilia. Ukiandika la pili huku ukijua la kwanza, umepotosha ripoti bila kuandika uongo hata mmoja. Halafu wapo ndugu zao, ilibainika, iligundulika, imeonekana, inasemekana, wanaomficha aliyeona na aliyesema.

Si kila kitenzi cha hali ni uficho. Pampu huharibika kweli bila mtu kuiharibu. Hapo swali si nani bali ilifanya nini hasa: iliungua, iliziba, au ilizunguka bila kuvuta maji? Andika kilichoonekana kwa macho.

Wala usikimbie kila *-w-*. Kama ripoti inasema kisima kilichimbwa mwaka fulani na aliyekichimba hahusiki na jambo la leo, kiache kichimbwe. Kama kweli hamjui aliyevunja kufuli, andika hivyo waziwazi: "Mtu tusiyemjua alivunja kufuli usiku." Sentensi hiyo ni nyoofu kuliko "kufuli lilivunjwa", kwa sababu inamwambia msikilizaji kwamba mmeuliza na hamkupata jibu.

Kuna sababu moja ya haki inayowafanya watu wachague kutendwa: wanataka pampu ikae mwanzoni mwa sentensi, maana ndiyo inayozungumzwa. Kiswahili kinakuruhusu kuiweka mbele bila kumpoteza mtendaji, kwa kutumia kiambishi cha mtendwa. Badala ya "pampu ilifunguliwa na fundi", sema "pampu aliifungua fundi". Badala ya "vipuri vilinunuliwa", sema "vipuri tulivinunua Likasi". Kile *-i-* na kile *-vi-* ndani ya kitenzi vinashika mahali pa kitu kilichohamishwa mbele. Mama zetu wanazungumza hivyo kila siku wakieleza habari za nyumbani, na sikio la mtu mkutanoni linapokea sentensi hiyo bila taabu. Itumie mara moja au mbili katika ukurasa, pale kitu kinapostahili kutangulia.

Maswali uliyoyaandika pembeni huwezi kuyajibu ukiwa umekaa mezani na penseli. Maneno ya jumla kama "kiasi fulani", "hatua mbalimbali", "baadhi", "wadau", "changamoto" hayaondoki kwa kutafuta visawe vizuri zaidi. Yanaondoka kwa kwenda kuuliza. Beba karatasi yenye maneno 34 na uende kwa mweka hazina. Tuseme mazungumzo yanakwenda hivi:

"Mama, hapa nimeandika fedha zilitolewa. Ulizitoa wewe?"

"Mimi. Dola 180. Vipuri 130, na fundi 50."

"Na hizi ambazo hazikurudishwa kwa wakati, zilirudi baadaye?"

"Hazijarudi mpaka leo. Nyumba sita zilikopa mwezi wa Julai. Zinadaiwa dola 90."

Tazama jibu la mwisho. Rasimu ilisema "kwa wakati", na kila msikilizaji angedhani fedha zilichelewa kisha zikafika. Hazikufika kabisa. Kifungu hicho kidogo kilichoonekana kama adabu kilikuwa kinaficha deni. Ndiyo maana nasisitiza mpangilio: kata kwanza, ndipo uulize. Ukiuliza kabla ya kukata, unamwendea mweka hazina na rasimu ndefu ambayo hata wewe huoni lilipo pengo, naye atakuambia kwamba iko sawa.

Baada ya maswali, ripoti inakuwa hivi:

"Tarehe 14 Septemba pampu ya kisima iliacha kuvuta maji. Mweka hazina alimwita fundi siku hiyohiyo. Fundi aliifungua pampu, akakuta mchanga umekula sehemu yake inayozunguka. Mweka hazina alitoa dola 180 katika mfuko wa kisima: dola 130 za vipuri na dola 50 za fundi. Nyumba sita zilizokopa katika mfuko mwezi wa Julai hazijarudisha dola 90. Tunaomba mkutano wa Jumapili uamue mambo mawili: siku ya mwisho ya kulipa deni hilo, na nani atasafisha kisima kabla ya mvua."

Ni maneno 74. Yameongezeka kutoka 34, na ni sawa yaongezeke, kwa kuwa kila lililoingia limeleta tarehe, mtu, kiasi au uamuzi. Usipime uhariri kwa ufupi peke yake. Pima kwa maswali ambayo msikilizaji hahitaji tena kuuliza.

Sentensi ya mwisho ndiyo iliyobadilika kuliko zote. "Tushirikiane ili hali hii isijirudie" haimtumi mtu yeyote popote. Watu wataitikia kwa vichwa na kwenda nyumbani. Ombi linalofaa linataja anayeombwa, jambo analoombwa, na wakati. Mvua zetu zinaanza kati ya Oktoba na Novemba, kwa hiyo "kabla ya mvua" ni tarehe ambayo kila mtu wa Katanga anaielewa. Kama mnahitaji siku kamili, iwekeni mkutanoni.

Utaona pia kwamba sikuandika majina ya nyumba sita. Huo si ulegevu wa maneno. Kusema "baadhi" unapojua ni sita ni kuficha. Kusema "sita" bila kuwataja wakopaji mbele ya majirani zao ni uamuzi ambao kamati ina haki ya kuufanya. Majina yabaki katika daftari la mweka hazina, na mwenye haki ya kuyaona ayaone huko.

Hatua inayofuata ni kuisoma kwa sauti, na mji wetu una ushahidi wake juu ya jambo hili. Mwaka 1965, mwaka mmoja kabla ya Elisabethville kuitwa Lubumbashi, André Yav aliandika historia ya mji huu kwa Kiswahili cha hapa, kwa niaba ya watu waliofanya kazi za nyumbani kwa Wazungu. Jina aliloipa ni la Kifaransa, na maana yake ni Msamiati wa Mji wa Elisabethville. Aliandika kama mtu anavyosimulia, bila kufuata kanuni za shule za kutenganisha maneno na kuweka nukta, na mtu anayeitazama karatasi kwa macho tu anapotea haraka. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian, aliyekitoa kitabu hicho pamoja na tafsiri yake mwaka 1990, alimtegemea Kalundi Mango, msomaji wa Katanga, aisome kwa sauti. Ilipopita mdomoni mwa mtu anayekijua Kiswahili hicho, mipaka ya maneno na ya sentensi ilisikika.

Nawe fanya hivyo na ripoti yako. Simama, soma kwa mwendo wa mkutanoni, bila kunong'ona. Weka alama mahali unapokosa pumzi: sentensi hiyo ni ndefu, igawe pale penye "ambapo", "ambayo" au "na hivyo". Weka alama unapojikwaa, kwa sababu mara nyingi ulimi unakataa neno ambalo hujawahi kulitamka nje ya karatasi. Na ukijisikia unabadilisha maneno wakati wa kusoma, ukisema "waliokopa" ilhali umeandika "ambao walikopa", fuata mdomo.

Kisa cha Yav kinafundisha pia mahali pa kuzuia penseli. Usimulizi wa mdomo una marudio yake, na marudio hayo mara nyingi yanamshika msikilizaji mkono. Katika ripoti yetu "mweka hazina" anatajwa mara mbili, na "mfuko" mara mbili. Ningeweza kuweka "yeye" na "humo" ili ionekane laini, lakini kwa mtu anayesikia mara moja tu, huku mtoto akilia na pikipiki ikipita, "alitoa dola 180" bila jina inaweza kuwa fundi aliyetoa. Panapohusika fedha na wajibu, rudia jina. Na kama unahariri maneno ya mtu mwingine, tuseme ushuhuda wa mzee juu ya mtaa wenu, usimkatie marudio yake wala kumnyoosha Kiswahili chake kiwe cha kitabu. Kazi ya ripoti ni tofauti kabisa na kazi ya ushuhuda.

Nakala safi ikiwa tayari, mpe mtu ambaye hakuwa katika kamati aisome mbele yako, kisha mwambie akueleze kilichotokea. Usimwulize kama imeandikwa vizuri. Atajibu ndiyo ili kukuheshimu. Akikueleza kwamba fundi alilipwa dola 180, ujue sentensi ya fedha bado inayumba, hata kama kwako iko wazi. Irekebishe hiyo tu, uache nyingine.

Mwisho kabisa, rudi kwenye tarakimu, kwa sababu mikono ya kuhariri huzihamisha bila kujua. Jumlisha tena: 130 na 50 ni 180. Linganisha kila kiasi na risiti yake au na daftari. Kama vipuri vililipwa kwa dola na fundi akalipwa kwa faranga, andika faranga alizopokea na kiwango cha kubadilisha cha siku ile, maana kiwango cha siku ya mkutano kitakuwa kingine, na mtu wa kwanza kunyoosha mkono atakuwa amekwisha kupiga hesabu kwenye simu yake.